Madawati 12 kwa siku: usinunue randa ya pili

*Swali: Shikamoo mwalimu. Nina karakana ya samani Keko, mafundi 9 na mashine 4. Kazi yetu kubwa ni oda: milango, vitanda, kabati. Sasa nimepata tenda ya madawati 900 kwa miezi mitatu, lakini tunatoa 8 au 9 kwa siku badala ya 12, na mbao zimejaa mbele ya randa. Fundi mkuu anataka randa ya pili. Shemeji yangu anasema nipange mashine zote kwa mstari kama kiwandani. Nimekutumia dakika za kila kazi na ramani ya banda. Nifuate lipi?*

Marahaba mwanangu. Usimfuate hata mmoja kati yao. Acha randa ilivyo, acha mashine zako nne zilipo, kisha ununue mashine ndogo ya pili ya kutobolea matundu. Iweke kwenye kona moja na meza ya kuungia na meza ya msasa, uweke watu watatu wasioshughulika na kitu kingine ila madawati. Wengine waendelee na oda kama walivyozoea. Nimefika hapo kwa namba zako mwenyewe, na ni vizuri uione njia niliyopita, maana tenda ijayo inaweza kuwa ya vitanda na hesabu itabidi uirudie.

Mnafungua saa 2 asubuhi, mnafunga saa 11 jioni, saa moja ya chakula. Hizo ni dakika 480, lakini mimi nimepangia 400. Kuna chai, kuna kufagia maranda, kuna kunoa visu, kuna umeme kukatika, kuna mteja anayekuja kukagua kitanda chake na kumsimamisha fundi. Gawanya 400 kwa madawati 12, unapata dakika 33. Maana yake kila baada ya dakika 33 dawati moja lazima limalizike, vinginevyo tenda inachelewa. Namba hiyo iandike kwa chaki ukutani.

Sasa dakika zako za dawati moja: kukata kwenye msumeno 9, kuranda 14, kutoboa matundu na kukata ndimi 18, kuunga 30, msasa 20, vanishi koti zote mbili 12. Jumla ni dakika 103. Ukizigawa kwa 33 unapata 3.1, yaani kwa hesabu ya mikono tu watu wanne wangetosha, na wewe una tisa. Kwa hiyo hukosi watu. Kinachokubana kiko kwenye mashine, na hapo ndipo fundi wako mkuu amedanganywa na macho yake.

Tuanze na randa anayoilalamikia. Madawati 12 kwa dakika 14 ni 168. Kazi za oda, kwa daftari lako, ni kama 40 kwa mwezi, na kila moja inakula randa dakika 45 kwa wastani. Ukizigawa kwa siku 25 za kazi unapata dakika 72 kwa siku. Kisha kuna kuiseti upya kila kazi inapobadilika: umeandika mara 8 kwa siku, dakika 8 kila mara, hizo ni 64. Jumla 304 kati ya 400. Randa yako ina nafasi ya dakika 96 kila siku. Haijajaa.

Sasa mashine ya matundu, ambayo hakuna aliyeitaja. Madawati: 12 kwa 18 ni 216. Oda: milango na vitanda vinakula kama dakika 80 kwa siku. Kuseti: kubadili patasi ya mashine, kusogeza kizuizi, kujaribu kwenye kipande kibovu hadi tundu likae katikati, ni dakika 20, na mnafanya hivyo mara 6 kwa siku. Hizo ni 120. Jumla 416. Siku ina 400. Hata kila mtu akifanya kazi bila kupumua, mashine hiyo haiwezi kumaliza siku. Na angalia kinachoijaza: zaidi ya robo ya muda wake ni kusetiwa, si kutoboa.

Utauliza, mbona basi mbao zinarundikana kwenye randa na si huko? Nenda Jumatatu asubuhi usimame pembeni ya mashine ya matundu kwa saa moja bila kusema neno. Nina hakika utamkuta fundi mmoja amekaa kwenye kiti chake kifupi, patasi mkononi na nyundo ya mti, anachimba tundu la mguu wa kitanda kwa mkono. Ukimwuliza atakwambia "nimeona nisisubiri". Huyo ndiye foleni yako. Foleni ya mashine ya matundu haionekani kama rundo la mbao kwa sababu mafundi wameimeza kwenye mikono yao. Dakika hizo hazimo kwenye karatasi uliyonitumia, kwa kuwa ulipima mashine, hukupima patasi.

Rundo la mbele ya randa lina sababu nyingine. Mnaranda mbao za madawati 60 kwa mpigo mmoja. Madawati 60 kwa dakika 14 ni dakika 840, siku mbili nzima na zaidi. Katika siku hizo, fundi mwenye mlango mmoja unaohitaji randa kwa dakika 25 amekaa anasubiri, na mbao zake zimelala juu ya za mwenzake. Siku ya tatu randa inabaki bila kazi nusu siku, lakini siku hiyo hakuna anayekuja ofisini kulalamika. Randa ya pili ingeondoa rundo, ndiyo. Halafu ungekuwa na randa mbili, kila moja ikifanya kazi chini ya nusu ya siku, na madawati bado yangetoka 9.

Kuna jambo kuhusu foleni ambalo wengi hawalitegemei. Mashine inapokaribia kujaa, kusubiri hakuongezeki kidogokidogo. Kazi zikiingia bila mpangilio, na muda wake ukitofautiana sana kama zilivyo kazi za oda, mashine iliyojaa kwa asilimia 80 huisubirisha kazi kwa wastani mara 4 ya muda wa kuifanya. Ikijaa asilimia 90 ni mara 9. Ikijaa 95 ni mara 19. Ndiyo maana sipangi mashine ya pamoja kupita asilimia 85 hata siku moja, na ndiyo maana sikubali ile dawa ya bure ambayo labda umeshaiwaza: kutumia mashine ileile ya matundu kwa zamu, asubuhi madawati na mchana oda. Ukifanya hivyo unaseti mara 3 badala ya 6, na jumla inakuwa 216 na 80 na 60, yaani 356. Ni asilimia 89. Inaingia kwenye karatasi, lakini siku umeme ukikatika kwa muda wa saa mbili huwezi kuzirudisha tena. Itumie zamu hiyo kuanzia kesho huku ukitafuta mashine ya pili, ila usiifanye ndiyo mpango.

Tuje kwa shemeji yako. Anachosema kina ukweli, ila hakikuhusu wewe. Mwaka 1979 Robert Hayes na Steven Wheelwright, wote wa Harvard, waliweka aina za bidhaa upande mmoja wa jedwali na aina za mpangilio upande mwingine. Bidhaa nyingi tofauti, chache kila aina, zinataka mashine zikae kwa aina yake: misumeno na misumeno, randa na randa, kazi izunguke kuzifuata. Hivyo ndivyo baba zetu wa Keko walivyopanga tangu zamani, na hawakukosea. Bidhaa moja kwa maelfu inataka mstari, kila mashine ikae inapohitajika kwa mfuatano. Kiwanda cha Ford cha Highland Park kilipoanza kuziunga chesisi kwenye mstari unaosogea mwaka 1913, kilikuwa kinatengeneza gari la aina moja tu. Mstari unaishi kwa kulishwa kitu kilekile kila siku.

Wewe una vyote viwili chini ya bati moja. Ukizipanga mashine zako nne kwa mfuatano wa dawati, kila kabati na kila mlango utakuwa unakwenda kinyume na mstari, na oda ndizo zilizokulisha kabla ya tenda na ndizo zitakazokulisha baada yake. Nimewahi kuitwa kwenye karakana moja, sitaitaja, waliopanga kila kitu kwa mstari kwa ajili ya tenda ya milango ya nyumba za aina moja. Mashine walizifunga kwa boliti kwenye zege, nyaya wakazipitisha chini ya sakafu. Tenda ilipokwisha, fundi wa kabati alikuwa anabeba ubao kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho, kisha kuurudisha, mara tano kwa kabati moja. Walikodi mtu wa kuvunja zege.

Katikati ya hayo mawili kuna seli. Unachukua familia moja ya bidhaa zinazopita njia moja, unaipa kona yake na mashine zake ndogo, na watu wachache wanaoimaliza wao wenyewe. Kuijua familia ni rahisi: chora jedwali, bidhaa zako chini, mashine juu, weka alama kila bidhaa inapopita. Kwenye daftari lako, dawati, benchi na kile kiti kirefu cha kanisani vinapita njia ileile, kwa matundu ya kipimo kimoja. Hiyo ndiyo familia. Kabati na sofa ni ukoo mwingine kabisa, usiviingize.

Msumeno na randa nimeviacha nje ya seli kwa makusudi. Ni mashine kubwa, zinataka umeme wa fezi tatu, na vumbi lake hulitaki karibu na vanishi. Vitumike kwa pamoja, ila kwa saa maalumu. Mbao za madawati 12 ya kesho zikatwe leo mchana, ni dakika 108 tu. Asubuhi, kuanzia saa 2, randa ni ya madawati, na kwa dakika 168 imemaliza kabla ya saa 5. Kuanzia hapo ni ya oda hadi jioni, na kila fundi ajue hivyo. Ukiranda madawati 12 kwa siku badala ya 60 kwa mpigo, mwenye mlango hasubiri tena siku mbili, anasubiri hadi saa 5. Kuseti nako kutapungua kutoka mara 8 hadi kama 3, na randa itashuka hadi dakika 264, asilimia 66. Rundo litaondoka bila kununua kitu.

Ndani ya kona kuna watu watatu. Wa kwanza anatoboa na kukata ndimi: dakika 216 na kuseti mara moja asubuhi, jumla 236. Wa pili anaunga: 12 kwa 30 ni 360, asilimia 90 ya siku yake, huyo amebanwa. Wa tatu ana msasa na vanishi: 240 na 144, jumla 384, asilimia 96, huyo amebanwa zaidi. Umeona tofauti? Wa kwanza ana zaidi ya saa mbili na nusu za ziada. Zisiwe za kukaa, na zaidi ya hapo zisiwe za kutoboa matundu ya keshokutwa. Alete mbao kutoka kwenye randa, ashike klampu, apake gundi kwa mwenzake. Ili alazimike, weka meza ndogo kati yake na muungaji, yenye nafasi ya vipande vya madawati matatu. Meza ikijaa, anazima mashine na kwenda kusaidia. Usipoweka kikomo hicho, baada ya wiki utakuta ndimi za madawati 40 chini ya meza na hakuna dawati lililosimama.

Meza hizo tatu zipange kama kiatu cha farasi, watu wakiwa ndani, si kwa mstari mnyoofu. Sababu ni ya siku mbaya: tenda ikishuka hadi 6 kwa siku, unapata dakika 66 kwa dawati, kazi yote ya kona ni dakika 80, na watu wawili wanatosha kuizunguka bila kutembea sana. Wa tatu anarudi kwenye kabati. Kwenye mstari mrefu mtu akiondoka anaacha pengo.

Msasa na vanishi havikai pamoja, hata kama mikono ni ya mtu mmoja. Hapa mtiririko nauvunja mwenyewe. Madawati yaliyoungwa leo yalale na gundi yake, kesho asubuhi yapigwe msasa yote 12, yafutwe kwa kitambaa kibichi, mchana yahamishiwe chumba cha vanishi. Ukimwacha apige msasa dawati moja na kupaka jirani yake, vanishi itakauka ikiwa na chembe kama ngozi ya papa, na utarudia kazi. Chumba cha vanishi ulichokichora kiko kaskazini ya randa. Wakati wa kusi, ambao ndio miezi mingi ya tenda yako, upepo utatoa vumbi la randa na kulipeleka humo moja kwa moja. Kihamishie upande wa lango, au funga turubai zito.

Na sasa linalonitia wasiwasi zaidi kuliko mashine yoyote: sakafu. Mwaka 1961 John Little alithibitisha kanuni nyepesi sana, kwamba idadi ya vitu vilivyo ndani ni sawa na vinavyoingia kwa siku mara siku vinazokaa. Dawati linalala siku moja na gundi na siku mbili na vanishi kati ya koti na baada yake. Siku 3 kwa madawati 12 ni madawati 36 yaliyosimama wakati wote. Kila moja, kwa vipimo vyako, linakalia kama mita za mraba 1.1, kwa hiyo unahitaji mita 40 za mraba za kukaushia. Kwenye ramani yako nimehesabu 28. Mvua za masika zikianza, vanishi itataka siku 3 badala ya 2, utakuwa na madawati 48, mita 53, na hutaweza kuyatoa uani. Siku hiyo mashine zote zitasimama ingawa hazina ubaya wowote, kwa sababu hakuna pa kuweka dawati jingine.

Kwa hiyo kabla ya kununua hata boliti, jenga rafu ya mbao ya ghorofa mbili kwenye eneo la kukaushia, na umwombe mteja akubali kupokea mara mbili kwa wiki badala ya mwisho wa mwezi. Ukisubiri mwisho wa mwezi, madawati 300 yaliyokamilika yatataka zaidi ya mita 300, na Keko nzima hutapata pa kuyaweka kwa bei inayolipa.

Swali la malipo hukuliuliza, lakini litakufikia. Kama mafundi wa madawati unawalipa kwa kipande, kila mmoja akitengeneza dawati lake mwanzo hadi mwisho, kona haitafanya kazi. Wa kwanza atatoboa kwa kasi ili idadi yake ipande, na hatamsaidia muungaji. Walipe watatu hao kwa pamoja, kwa madawati yaliyotoka kwenye chumba cha vanishi yakiwa hayana kasoro, na wagawane sawa. Fundi wako hodari atanung'unika wiki ya kwanza kwamba anawabeba wenzake. Mweke yeye kwenye msasa na vanishi, ndipo penye kubana zaidi, na kasi yake itaonekana kwa wote.

Utajuaje kama imekubali? Usihesabu madawati wiki ya kwanza, maana kona inajaza meza zake na idadi itayumba. Andika tarehe kwa chaki chini ya kiti siku mbao zinapokatwa, usome siku dawati linapotoka. Kwa mpango huu, msimu mkavu, inapaswa kuwa siku 5 au 6. Zikipanda hadi 8 huku mafundi wote wanaonekana wana kazi, tafuta meza iliyozidi kikomo chake.

Randa ya pili nayo ina siku yake. Ukiacha asilimia 15 ya nafasi, una dakika 340. Toa 72 za oda na 24 za kuseti, zinabaki 244, ambazo kwa dakika 14 ni madawati 17. Ukipata tenda ya zaidi ya 17 kwa siku, nayo ya mwaka mzima, si ya miezi mitatu, fundi wako mkuu atakuwa sahihi, na hapo nitakubali pia kuzungumza na shemeji yako kuhusu mstari. Kwa sasa mpe fundi mkuu saa ya kupimia na umwambie apime patasi.